Miezi minane ya muuguzi, minne ya msimamizi

Tuchukue zahanati ya umma huko Likoni. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto apandishwa cheo tarehe 1 Machi na kukabidhiwa usimamizi wa zahanati nzima. Mwaka wa tathmini katika utumishi wa umma wa Kenya huanza 1 Julai na kufungwa 30 Juni, hivyo amefanya miezi minane kwenye kazi ya kwanza na minne kwenye ya pili. Juni ikifika, fomu ni moja na nafasi ya alama ya mwisho ni moja. Mfano huu ni wa kutunga, lakini kalenda, fomu na ripoti zinazotajwa ni zile zile zitumikazo kila siku.

Kazi ya kwanza ni kuifunga hesabu ya zamani, na wakati wake ni Machi. Aliyekuwa akimsimamia kliniki ndiye aliyeiona kazi ile, na kufikia Juni huenda amehamishwa Kisauni au amestaafu. Akiandika alama zake wiki ile ile ya makabidhiano, rejista zikiwa mezani, atakuwa na ushahidi. Akisubiri mwisho wa mwaka, ataandika anachokumbuka, na mtu hukumbuka ya juzi.

Hapo ndipo kosa kubwa kupita yote hufanyika. Tuseme lengo la mwaka lilikuwa watoto 600 wapate dozi ya tatu ya pentavalenti, ile inayotolewa mtoto akiwa na wiki 14. Hadi mwisho wa Februari muuguzi wetu amewafikia 384. Mtu akichukua fomu jinsi ilivyo na kugawa 384 kwa 600, atapata asilimia 64. Katika mizani ya serikali, 60 hadi 79 ni wastani, 80 hadi 99 ni vizuri, 100 kamili ni vizuri sana, na zaidi ya hapo ni bora. Basi muuguzi aliyefanya kazi nzuri kiasi cha kupandishwa cheo ataandikwa wa wastani, kwa kuwa tu hakuwapo kuimaliza miezi minne iliyobaki. Lengo lake halisi lilikuwa theluthi mbili za 600, yaani 400, na 384 kati ya 400 ni asilimia 96.

Lakini si kila lengo linakubali kugawanywa kwa miezi. Watoto huzaliwa mwaka mzima, kwa hiyo chanjo hugawika bila taabu. Matone ya vitamini A ni habari nyingine: mengi hutolewa katika wiki za Malezi Bora, ambazo hufanyika Mei na Novemba. Kampeni ya Novemba iliangukia mikononi mwake, ya Mei ni ya mrithi wake. Kumpa theluthi mbili ya lengo hilo ni kumdai watoto ambao kampeni yao haijafika. Haki yake ni nusu. Kabla ya kushika kikokotoo, mpimaji ajiulize kazi hii hufanyika lini hasa.

Tarehe ya kugawia mwaka nayo ina utata. Barua ya cheo huweza kuchelewa, au ikaja na tarehe ya nyuma. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka mabadiliko ya masharti ya kazi yaandikwe na mfanyakazi ajulishwe, na barua hiyo ndiyo ya kutazama kwa mambo ya mshahara. Kwa kupima kazi, mimi ningeitazama siku aliyopokea funguo za stoo na kutia sahihi ripoti ya makabidhiano. Kabla ya siku hiyo hangeweza kuamua lolote.

Sasa cheo kipya. Mwezi Machi yeye na mkuu wake wa kaunti ndogo wanakubaliana malengo matatu ya miezi minne: ripoti za kila mwezi zifike kwa wakati, dawa za stoo zihesabiwe kila mwezi na kulinganishwa na kadi zake, na wafanyakazi wake sita wafanyiwe tathmini. Juni inapokwisha, ripoti tatu kati ya nne zilifika kwa wakati, ambayo ni asilimia 75. Hesabu ya stoo ilifanyika mara mbili kati ya nne, asilimia 50. Wafanyakazi watano kati ya sita walitathminiwa, asilimia 83. Wastani ni 69.

Kabla ya kuiandika 69 hiyo, ichunguzwe. Ripoti ya mwezi hutakiwa kufika ofisi ya kaunti ndogo tarehe 5 ya mwezi unaofuata, ili takwimu ziingizwe kwenye mfumo wa afya wa taifa kufikia tarehe 15. Tuseme iliyochelewa ilikuwa ya Februari, iliyodaiwa 5 Machi. Takwimu zake zilikusanywa na msimamizi aliyetangulia, na huyu mpya alikuwa na siku nne tu kitini. Ile ya Juni nayo itadaiwa 5 Julai, mwaka ukiwa umeshafungwa. Kwa hiyo ripoti zilizo zake kwa haki ni tatu, za Machi, Aprili na Mei, na zote zilifika. Alama ya lengo hilo inakuwa 100, na wastani wa cheo kipya unapanda hadi 78.

Vivyo hivyo dawa zikiisha Aprili. Oda ikiwa ni ya robo mwaka, upungufu wa Aprili huenda ulizaliwa na karatasi iliyojazwa kabla hajapewa ofisi. Ripoti ya makabidhiano yenye idadi ya kila dawa ndiyo itakayomtetea au kumfunga, na isipokuwapo, mabishano hayo hayana mwisho. Lakini kutohesabu stoo hakuna wa kusingiziwa. Hilo ni lake.

Kuchanganya ndiko kwepesi: 96 mara nane, 78 mara nne, jumla igawiwe kwa 12, inatoka 90. Wapo wanaojumlisha alama mbili na kugawa kwa mbili, wakapata 87, kana kwamba miezi minne ina uzito sawa na minane. Tofauti ni ndogo hapa, ila kwa mtu aliyepandishwa Mei ingekuwa kubwa mno.

Hiyo 90 inatosha kwa nyongeza ya mwaka, ambayo huuliza kama mtu aliutumikia mwaka wake vizuri. Haifai kabisa kwa swali la kama amekiweza cheo kipya. Ndani yake wamejificha muuguzi wa 96 na msimamizi wa 78 ambaye stoo yake iko kwenye 50, na mkuu aliyempendekeza hatakosa hamu ya kuiacha 90 imsemee. Kwa hiyo sehemu mbili zibaki mbili kwenye fomu, kila moja na sahihi ya aliyeiona kazi, na jumla iandikwe chini yake.

Kwa msimamizi wetu, sehemu ya pili inaelekeza jambo moja tu: mfamasia wa kaunti ndogo akae naye katika hesabu ya stoo ya Julai na ya Agosti, na malengo ya mwaka mpya yaandikwe kamili, ripoti ya Juni inayodaiwa tarehe 5 Julai ikiwa ya kwanza kwenye orodha.