Mchaichai Kwenye Mche, Mchaichai Kwenye Kopo

Kopo la mafuta mazito ya kujipaka lenye jani bichi la mchaichai lililobanwa ubavuni huuzika haraka. Mnunuzi analiona jani kwa macho yake, basi anaamini. Mtengenezaji anayeijua kazi yake hupata wasiwasi kwa sababu hiyo hiyo: jani limeingia na maji. Mafuta matupu hayana maji, na pasipo maji ukungu na bakteria hawawezi kuzaana. Jani bichi uzito wake mwingi ni maji. Wiki chache zikipita kwenye joto la Pwani, vidoa vya kijivu huanza kuota pembeni mwa jani, na harufu ya kopo inabadilika kabla mteja hajafika nusu.

Sabuni haina tatizo hilo. Ndiyo maana anayetengeneza vyote viwili nyumbani na kuvibandika lebo moja hujikuta akilitumia jani kwa namna moja pote, ilhali mche na kopo vinalipokea kwa namna mbili zinazopingana.

Tuanze na mche. Chukua kilo 1 ya mafuta: ya nazi gramu 500, mawese mekundu ya Kigoma gramu 300, ya alizeti gramu 200. Kila aina ya mafuta hula kiasi chake cha kostiki soda. Gramu 1 ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 0.183, mawese 0.141, alizeti 0.134. Ukizidisha unapata 91.5, 42.3 na 26.8, jumla gramu 160.6. Kiasi hicho hakiingii chote. Tunapunguza asilimia 6, inabaki gramu 151, ili sehemu ndogo ya mafuta isigeuke sabuni na ngozi isikakamae. Maji ni gramu 300.

Hesabu hii haivumilii kikombe wala kijiko. Inataka mizani ya kidijitali. Pia inataka kostiki kavu. Ile iliyoachwa wazi dukani hunyonya unyevu wa hewa na kushikana mabonge, kwa hiyo unapopima gramu 151 unakuwa umepima na maji ndani yake. Sabuni yake hubaki laini na yenye mafuta hata ikikaa mwezi, na wengi hulaumu mafuta ya nazi bila kosa lolote.

Kostiki ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, na kazi hii hufanyika penye hewa, mikono ikiwa na glavu na macho na miwani. Chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu. Sufuria zetu za kila siku ni za alumini, na kostiki huila alumini huku ikitoa gesi inayowaka. Nimeona sufuria iliyotobolewa hivyo; tundu lake lilikuwa safi kama limechongwa.

Mchanganyiko ukikorogwa hadi mwiko ukiinuliwa matone yanaacha mchirizi unaobaki juu kwa muda, ndipo harufu na majani huingia. Hapa ndipo mchaichai unapoadhibiwa. Wakati huo ukali wa kostiki ni mkubwa mno, na rangi ya kijani ya jani haistahimili. Unga wa mchaichai ulioingia kijani utakuwa kahawia ndani ya siku chache, na harufu yake itakuwa karibu imekwisha. Chai nzito ya mchaichai iliyopoa inaweza kuchukua nafasi ya maji bila hatari ya kuoza, lakini faida yake ni hadithi ya kusimulia zaidi ya kitu cha kunusa. Harufu inayobaki hutoka kwenye mafuta ya mchaichai yaliyokenekwa, gramu 25 hadi 30 kwa kilo ya mafuta. Rangi yaachie mawese, yanayotoa manjano iliyokolea bila kuongezewa kitu.

Anayetaka karafuu badala ya mchaichai ajiandae. Mafuta ya karafuu huharakisha sabuni: uji uliokuwa unamiminika hugeuka bonge kabla hujafika kwenye kibao. Yaanze machache, yachanganywe kwanza na mafuta ya alizeti, na vibao viwe tayari vimetandikwa.

Mche hukatwa siku ya pili, kisha hukaa wiki 4 hadi 6 penye hewa. Unga mweupe juu ya uso haudhuru, hufutwa. Lakini ukikata ukakuta vifuko vyeupe au majimaji ndani, hiyo ni kostiki isiyochanganyika, na mche huo hauuzwi. Vidoa vya rangi ya chungwa vinavyojitokeza baada ya miezi, pamoja na harufu ya mafuta yaliyovunda, vina asili nyingine: mara nyingi alizeti ilizidi au ilikuwa ya zamani.

Sasa kopo. Shea gramu 500, siagi ya kakao gramu 200, mafuta ya nazi gramu 250, nta ya nyuki gramu 50. Nta imo kwa sababu ya joto. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Dar es Salaam au Unguja ni kimiminika karibu mwaka mzima, na kopo lisilo na nta hufika kwa mteja likiwa supu. Shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Ukiitumia hiyo, ongeza kakao na upunguze nazi.

Jani huingia kupitia mafuta ya nazi, likiwa limekauka hadi linavunjika kwa vidole, si lile linalokunjika tu. Lilowekwe kwenye mafuta ya uvuguvugu wa nyuzi 60 kwa saa 2 au 3, kisha lichujwe kwa kitambaa kikavu na lisirudi tena. Kama una shaka, tia kijiko cha mafuta hayo kwenye kikaango kikavu cha moto: yakichatika, bado yana maji. Huku rangi ya jani inabaki nzuri, kwa kuwa hakuna kostiki ya kuiua.

Yeyusha nta kwanza, kakao na nazi zifuate, shea iwe ya mwisho moto ukiwa umeshaondolewa. Poza haraka kwenye beseni la barafu huku unakoroga, umimine yanapoanza kupoteza uangavu. Yakiachwa yapoe polepole, sehemu ngumu ya shea hujitenga na mteja anapapasa chengachenga. Haina madhara, ila atadhani umetia sukari.

Kwenye kopo mafuta ya mchaichai yaliyokenekwa hayazidi gramu 5 kwa kilo. Sabuni husuuzwa, lakini haya hukaa kwenye ngozi kutwa nzima, na mchaichai mwingi huwasha. Vitamini E, gramu 5 nyingine, huchelewesha kuvunda kwa mafuta. Haiui ukungu, hivyo ni kosa kuiita kihifadhi kwenye lebo.

Kuhusu lebo yenyewe: Tanzania Bara vipodozi vilihamishiwa TBS mwaka 2019, na mjasiriamali mdogo huweza kupitia SIDO. Orodha ya viambato ianze na kilicho kingi. Andika “mafuta yaliyolowekwa mchaichai” kwenye kopo na “mafuta ya mchaichai” kwenye mche, kwa kuwa ndivyo vilivyomo. Neno “hutibu” liache, maana linaigeuza sabuni kuwa dawa mbele ya sheria. Kopo linahitaji sentensi moja zaidi ambayo mche hauihitaji: tumia kwa vidole vikavu. Na tarehe ya mwisho isihesabiwe tangu siku uliyomimina. Tazama galoni zako, uchukue ile ya mafuta yatakayoharibika mapema kuliko yote.