Aya ya osmosisi, kutoka ngumu hadi nyepesi

Mwanafunzi aliyeanza shule Kongo kwa Kifaransa na Kiswahili, akahamia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hukuta masomo ya sekondari ya Uganda yakifundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu anayemsaidia pale humwandikia kwanza aya ya Kiswahili. Hatari ni kumhamishia ugumu uleule, kama katika mfano huu niliotunga kwa mtindo wa vitabu vya kiada:

"Unyaukaji wa mmea kufuatia uwekaji wa mbolea kupita kiasi hutokana na upotevu wa maji ya seli za mizizi kwa osmosisi, ukolezi wa chumvi katika maji ya udongo ukizidi ule wa ndani ya seli, kupitia utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi."

Wengi hukimbilia kukata sentensi. Kwangu hiyo si kazi ya kwanza. Hapa matendo yamefichwa ndani ya majina: unyaukaji, uwekaji, upotevu, ukolezi. Tena matokeo yametangulia chanzo, kwa hiyo msomaji hubeba jambo asilolijua hadi mwisho. Nayarudisha matendo kuwa vitenzi, kisha nayapanga kama yanavyotokea shambani:

"Mkulima ameweka mbolea nyingi mno kwenye mahindi. Mbolea inayeyuka, kwa hiyo maji ya udongo yanakuwa na chumvi nyingi kuliko maji yaliyo ndani ya mizizi. Katikati kuna utando mwembamba unaopitisha maji lakini unazuia sehemu kubwa ya chumvi. Kwa sababu hiyo, maji yanayotoka kwenye mizizi ni mengi kuliko yanayoingia. Mwendo huu wa maji unaitwa osmosisi. Mizizi ikipoteza maji mengi, mahindi yananyauka hata kama udongo umelowa."

Aya imerefuka, na ni sawa. "Kwa hiyo" na "kwa sababu hiyo" zingeondolewa ili sentensi zifupike, mwanafunzi angelazimika kubuni mwenyewe uhusiano wa mambo. Ndiyo maana siamini vipimo vya usomaji vya Kiingereza, kama kile cha Rudolf Flesch cha 1948, vinavyohesabu silabi na urefu wa sentensi. "Yanayoingia" ina silabi nyingi, lakini mtoto anaielewa mara moja.

Osmosisi nimeibakiza, kwani ataikuta kwenye mtihani, ila imekuja baada ya tukio lenyewe kueleweka. Nimekataa pia njia ya mkato ya "maji hufuata chumvi". Inakaririka upesi, lakini inaufuta utando, na bila utando chumvi nayo ingeenea pande zote mbili.

Kupima kama ameelewa, simwombi arudie aya. Namuuliza kipande cha kiazi kibichi kitakuwaje kikilazwa kwenye bakuli la maji yenye chumvi nyingi. Aliyekariri hutaja osmosisi akanyamaza. Aliyeelewa husema kitalegea, na akiulizwa maji yameenda wapi, anaonyesha bakuli. Hapo ndipo nampa aya ya kitabu chake, apigie mstari kila tendo analolitambua.