Kiti cha Mninga Mbele ya Kamera

Miaka kadhaa iliyopita niliagiza kabati kwa kutazama picha. Kwenye karatasi lilikuwa pana, la kahawia iliyokolea. Lililoshushwa mlangoni kwangu lilikuwa jembamba, jekundu kama tofali. Nilidhani nimeletewa la mtu mwingine, hadi nilipokagua vitasa na droo nikaona ni lile lile. Tangu siku hiyo nimekuwa na hamu ya kujua picha ya samani hupigwaje mpaka kitu kitoke kama kilivyo. Ndiyo maana Julai iliyopita nilikaa siku mbili katika karakana moja ya Keko, Dar es Salaam, nikimtazama dada mmoja akipiga picha za katalogi ya kurasa kumi na mbili, itakayotumwa kwa wateja wa mikoani wanaolipa kabla ya kukigusa kitu.

Alimwamkia fundi mkuu, mzee mwenye vumbi la msasa mpaka kwenye kope, kisha akaomba futi. Kamera ilikuwa bado mkobani. Alipima kiti cha mninga cha kulia chakula: kutoka sakafuni hadi kikalio sentimita 45, kutoka miguu ya mbele hadi ya nyuma sentimita 45. Akapiga hatua kurudi nyuma hadi mita 4, akachora alama ya chaki sakafuni.

Nilimuuliza kwa nini asisogee. Akanionyesha kwa simu yake. Ukisimama mita 1 kutoka miguu ya mbele, ile ya nyuma iko sentimita 145 kutoka kwako, na kwenye picha itatokea kwa asilimia 69 tu ya ukubwa wa ile ya mbele. Jicho la mtazamaji halijui ulisimama wapi. Litaamini kiti kimechongwa miguu minene mbele na vijiti nyuma. Ukirudi hadi mita 4, miguu ya nyuma inafika asilimia 90, na kiti kinarudia umbo lake. Watu husifia lenzi, lakini kazi ya ile lenzi yake ndefu ilikuwa kukifanya kiti kijaze picha kutoka mbali. Kilichonyoosha umbo ni zile mita nne.

Kamera aliifunga kwenye stendi, sentimita 80 kutoka sakafuni, ikitazama mbele bila kuinama. Kwa kimo hicho kikalio kinaonekana kwa juu kidogo, kama anavyokiona mtu anayekikaribia ili aketi. Kamera inayoinamishwa hukusanya mistari wima kuelekea chini, na kabati pana likageuka kuwa kama limebanwa miguuni. Hapo nikakumbuka kabati langu.

Kuhusu mwanga, alikuwa amechagua mahali kabla ya kufika. Julai jua la Dar es Salaam hupita upande wa kaskazini, hivyo mlango wa karakana unaotazama kusini haupigwi na jua hata kidogo. Unapata mwanga wa anga tu, laini, unaodumu kwa saa nyingi bila kubadilika sana. Alizima taa zote za ndani, kwa sababu balbu ya manjano ikichanganyika na mwanga wa mlangoni, upande mmoja wa mbao huwa wa chungwa na mwingine wa buluu, na hakuna marekebisho yanayoponya pande zote mbili kwa pamoja. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, akautundikia shuka jeupe. Kijana aliyevaa fulana nyekundu aliombwa asogee mbali, maana vanishi hubeba kila rangi iliyo karibu nayo.

Kisha akaweka kadi ya kijivu juu ya kikalio, akaipiga picha, akaiondoa. Baadaye kwenye kompyuta kadi ile itamwambia kijivu kilipaswa kuwa kipi, na mninga utarudi kwenye wekundu wake wenyewe. Mbao hii ina rangi nyingi, kutoka kahawia nyepesi hadi nyekundu iliyoiva, hivyo jicho peke yake halina pa kushikilia.

Sehemu niliyoitazama kwa muda mrefu zaidi ilikuwa kukizungusha kiti. Mwanga ukitoka nyuma ya kamera, mistari ya mbao hulala na vanishi hung'aa kama bati. Alikigeuza kidogo kidogo, pengine kwa upana wa kidole, mpaka mwanga ukapita ubavuni na mistari ikainuka. Mbele ya lenzi alikuwa na kichujio cha kukata mng'ao. Alikizungusha hadi mng'ao wote ukafutika, kisha akakirudisha nusu. Vanishi ya karakana ile inang'aa kiasi, na mteja atakapokipokea kiti ataukuta mng'ao huo huo.

Mchana ukawa wa kitanda cha sita kwa sita. Vijana walileta godoro la inchi 4, ndilo lililokuwapo. Dada akauliza wateja wengi hulalia la inchi ngapi. Mzee akajibu kwamba wengi ni nane, na siku hizi hata kumi. Dada akasubiri saa nzima la inchi 8 likaazimwe. Juu ya godoro jembamba ubao wa kichwani hupanda, nakshi yote ikaonekana, na kitanda kikawa na ufalme. Ukiweka la inchi 8, sentimita 10 za nakshi zinafichika. Mteja ataliweka hilo nyumbani kwake, kwa hiyo picha ilibidi ipigwe nalo. Mito ilikuwa miwili ya kawaida, na kando ya kitanda ndala, ambazo kila mtu anajua ukubwa wake bila kuambiwa.

Siku ya pili ilikuwa ya kuchagua. Kiti kilikuwa na picha 41. Zilizotetereka ziliondoka upesi, zikabaki tatu. Moja ilikuwa nzuri kuliko zote: kiti kimegeuzwa upande wa mguu uliojaa wekundu. Katika nyingine ulionekana mguu wa kushoto, wenye mstari wa rangi ya maziwa, mbao ya ukingoni mwa gogo ambayo fundi aliiacha.

"Mwanangu," mzee alisema, "huu mstari si tuugeuzie ukutani?"

"Mzee wangu, viti vingine sita vya seti hii vikoje?"

Mzee aliinuka, akavipitia kimoja kimoja kwa kiganja. "Vinne vinao."

"Basi na kwenye picha uwepo."

Mzee alinyamaza. Mteja anayejua mbao anajua pia kwamba sehemu ile ya ukingoni ndiyo wadudu huipenda, na ataitafuta. Picha ya mguu mwekundu ilikuwa ya kweli kwa kiti kimoja. Yenye mstari ilikuwa ya kweli kwa seti. Ndiyo iliyochaguliwa, na katika miguu ya seti iliyofuata, mzee aliwaagiza vijana wakate ukingo wote.

Wiki tatu baadaye niliitwa wakati sampuli ilipotoka kwa mchapaji. Dada hakuitazama chini ya taa. Alikibeba kiti hadi mlango ule wa kusini, akaulaza ukurasa juu ya kikalio, akarudi nyuma. Wekundu wa karatasi ulikuwa umezidi kidogo. Akaandika pembeni kwa kalamu: punguza nyekundu. Sampuli ya pili ilipolazwa pale pale, mzee aliinama, akaweka kidole kimoja kwenye mbao na kingine kwenye picha, akavitazama kwa zamu, kisha akasema, "Hiki ndicho."