Namba 10 Ikikosa Chumba

Chukua namba tasa nne za kwanza: 2, 3, 5 na 7. Kila moja ipe seti yake, yaani vigawe vya 2, vigawe vya 3, vigawe vya 5 na vigawe vya 7. Sasa zichore seti hizo kwa maduara manne yanayopishana, yamepangwa kama pembe za mraba: duara la 2 juu kushoto, la 3 juu kulia, la 5 chini kulia, la 7 chini kushoto. Mchoro unapendeza macho, na ukianza kuzipa namba mahali pake mambo yanakwenda vizuri. Namba 6 inakaa palipopishana duara la 2 na la 3. Namba 35 inakaa kati ya la 5 na la 7. Namba 210, inayogawanyika kwa zote nne, inakaa katikati kabisa. Ukifika kwenye 10 unakwama. Inagawanyika kwa 2 na kwa 5, haigawanyiki kwa 3 wala kwa 7, na kwenye karatasi nzima hakuna sehemu iliyo ndani ya duara la 2 na la 5 huku ikiwa nje ya mengine mawili. Namba 21 nayo iko hivyo hivyo, haina pa kukaa.

Wengi wakifika hapa hudhani wamechora vibaya, wakafuta na kuanza upya. Wanasogeza duara moja, wanalikuza jingine, 10 inapata nafasi, kisha wanagundua namba nyingine imefukuzwa. Mkono wa mchoraji hauna kosa. Maduara yenyewe ndiyo hayawezi, na sababu yake inaonekana kwa kuhesabu tu.

Tuanze na matatu, ambayo hayana shida. Kila namba kwa kila seti ina majibu mawili tu, imo au haimo. Seti tatu zinatoa majibu 2 × 2 × 2, yaani vyumba 8, na nje ya maduara yote nako tunakuhesabu kuwa chumba. Maduara ya 2, 3 na 7 yanavitoa vyote: 1 iko nje, 2, 3 na 7 kila moja iko peke yake, 6, 14 na 21 ziko kwenye mapishano ya mawili mawili, na 42 iko katikati. Ndiyo maana maduara matatu yanapendwa mno shuleni. Tatizo ni kwamba yamejaa. Seti ya nne ikibisha hodi inahitaji vyumba 16, na njia ya kuvipata ni moja: mstari mpya upite ndani ya kila kimoja kati ya vile 8 na kukigawa, upande mmoja uwe ndani ya seti mpya na upande wa pili uwe nje yake.

Shika penseli na uliongoze duara la 5 polepole. Kila linapokata mzingo wa duara jingine linatoka chumba kimoja na kuingia kingine. Maduara mawili tofauti hayakatani zaidi ya mara mbili, kwa sababu pointi tatu zisizo kwenye mstari mmoja zinatosha kuainisha duara moja tu. Yakigusana kwa pointi tatu, ni duara lile lile. Basi duara jipya linalikata kila moja la yale matatu mara 2 kwa wingi, jumla mara 6. Pointi 6 zinaligawa katika vipande 6, na kila kipande kinapita ndani ya chumba kimoja. Kwa hiyo vyumba vinavyogawanywa ni 6, na 8 vinakuwa 14. Viwili vimebaki bila kuguswa na penseli.

Ni vipi hivyo viwili? Katika mpangilio wetu wa mraba, duara la 5 halikifikii kabisa chumba cha 2 peke yake, kwa hiyo 10 haikuzaliwa. Na chumba cha 21, palipopishana 3 na 7 bila 2, kimemezwa chote na duara la 5, kwa hiyo kila kilichomo humo ni kigawe cha 105. Kimoja kimerukwa, kingine kimefunikwa. Ukilisogeza duara utabadilisha majina ya waliokosa, lakini idadi yao haitapungua chini ya wawili.

Kwa mtu anayechora picha ya kupendezesha ukurasa, vyumba viwili si neno. Kwa John Venn, Mwingereza aliyefundisha mantiki katika chuo cha Gonville and Caius huko Cambridge, lilikuwa neno kubwa. Kabla yake Leonhard Euler alikuwa ameshatumia maduara kuelezea mantiki, katika barua alizomwandikia binti wa kifalme wa Kijerumani miaka ya 1760. Ila Euler alichora uhusiano aliokwisha kuujua: kama kitu fulani hakipo, hakukichorea nafasi. Venn, katika makala yake ya mwaka 1880, aligeuza utaratibu. Kwanza vichorwe vyumba vyote vinavyowezekana, bila kujali kama vina kitu. Habari zikija, kile kinachojulikana kuwa kitupu kitiwe kivuli. Kwa utaratibu huo mchoro usio na chumba cha 10 unadanganya, kwa sababu kabla hujaulizwa umeshasema kwamba hakuna namba inayogawanyika kwa 2 na 5 tu.

Venn alilijua vizuri tatizo la duara la nne, na jibu lake kwa seti nne lilikuwa duaradufu. Kinachonifanya nimvulie kofia ni jinsi alivyohitaji kidogo. Duaradufu mbili zinaweza kukatana hadi mara nne, maana inahitaji pointi tano kuainisha duaradufu moja. Kwa jozi sita za duaradufu, mtu angeweza kufikisha makutano 24. Mchoro wa seti nne hauhitaji hayo yote. Unahitaji 14 tu. Maduara yalikuwa yameshatoa 12, kwa hiyo kilichopungua ni makutano mawili, na mawili hayo yanapatikana kwa jozi moja tu kukatana mara nne. Jozi nyingine tano zinaendelea kukatana mara mbili mbili, kana kwamba bado ni maduara.

Hebu tuuchore mchoro wenyewe. Kila duaradufu iwe na urefu wa 72 mm na upana wa 45 mm. Ili kuipata bila mashine, chomeka pini mbili zilizoachana 56 mm, funga uzi kwenye pini zote mbili ukiacha 72 mm za uzi kati yake, kisha uukaze kwa ncha ya penseli na kuzunguka. Kata umbo hilo kwenye kadi ili ulitumie mara nne. Weka vipimo kutoka pembe ya chini kushoto ya karatasi. Duaradufu ya 2 ina kitovu chake 35 mm kwenda kulia na 40 mm kwenda juu. Ya 3 iko 45 na 50. Ya 5 iko 54 na 50. Ya 7 iko 64 na 40. Mbili za kwanza zilaze nyuzi 40 kutoka mlalo, kichwa kikielekea kushoto. Mbili za mwisho zilaze nyuzi 40 vilevile, kichwa kikielekea kulia.

Chora kwanza ya 2, ya 3 na ya 7. Utaona zinakatana mbili mbili na kutoa vyumba 8 vile vile vya maduara matatu. Ya 5 iache iwe ya mwisho, uifuate kwa kidole. Inaikata ya 2 mara mbili na ya 7 mara mbili. Lakini ya 3, ambayo vitovu vyao vimeachana 9 mm tu huku zikilala pande tofauti, inaikata mara nne, kama herufi X nene. Mara 2 na 2 na 4 ni mara 8, vipande ni 8, na vyumba vyote 8 vinagawanywa.

Sasa angalia chini kushoto. Ncha ya duaradufu ya 5 imechomoza kutoka chini ya ile ya 3, ikaingia ndani ya ya 2 mahali ambapo ya 7 haijafika. Hapo ndipo 10 inapokaa. Upande wa pili, chini kulia, ncha ya duaradufu ya 3 imechomoza kutoka chini ya ya 5 na kuwa ndani ya ya 7 peke yake. Hapo inakaa 21. Makutano mawili ya ziada ndiyo yaliyoziachia ncha hizo nafasi ya kutokeza. Namba 15 ipo juu katikati, 14 ipo chini kabisa katikati, na vyumba finyu kuliko vyote ni vya 70 na 42, vilivyobanwa ubavuni mwa 14. Vikishindwa kusomeka, kuza vipimo vyote mara mbili. Ukinenepesha duaradufu bila kugusa vitovu, utazirudisha karibu na maduara na ncha zitamezwa tena. Ukivitenganisha mno vitovu vya zile mbili za katikati, matokeo ni hayo hayo.

Kuukagua mchoro, usihesabu vipande tu. Inawezekana kupata vipande 16 huku chumba kimoja kikijirudia mara mbili na kingine hakipo. Andika vigawo vyote vya 210, navyo ni 16 kamili, na kila kimoja kiwe na mahali pake pamoja tu: 1 nje, 210 katikati, na wengine 14 kati yao.

Venn aliamini kwamba kwa seti tano duaradufu hazitafaa. Hapo alikosea: mwaka 1975 Branko Grünbaum alionyesha duaradufu tano zilizo sawa, zimezungushwa kwenye kitovu kimoja kwa nyuzi 72, zikitoa vyumba vyote 32. Kwa seti sita ndipo umbo hili linapofika mwisho, na hesabu yake ni ile ile ya penseli. Duaradufu sita zina jozi 15, kila jozi inakatana mara 4 kwa wingi, jumla makutano 60, na hayo hayatoi zaidi ya vyumba 62. Vinavyotakiwa ni 64. Ukiwa na seti sita, achana na duaradufu na utumie jedwali.