"Kuelewa" na Kisichopimika: Uhakiki wa Uandishi wa Matokeo ya Ujifunzaji katika Kozi za Mofolojia ya Kiswahili

Miongozo mingi ya uandishi wa mitaala ya vyuo vikuu huwaonya wahadhiri wasitumie kitenzi "kuelewa" katika matokeo ya ujifunzaji, kwa hoja kwamba uelewa ni hali ya ndani isiyoonekana. Baada ya onyo hilo hufuata orodha ya vitenzi vinavyoruhusiwa: kueleza, kufafanua, kubainisha, kuchanganua, kutathmini. Mhadhiri hufuta kitenzi kimoja na kuweka kingine, kamati ya idara huridhika, na kozi huendelea kufundishwa na kutahiniwa kama ilivyokuwa. Makala haya yanadai kuwa zoezi hilo, jinsi linavyofanywa mara nyingi, hubadilisha maneno bila kugusa tathmini.

Ni vyema kwanza kuondoa dhana moja potofu. Marufuku dhidi ya "kuelewa" kwa kawaida huhusishwa na Benjamin Bloom na wenzake, waliochapisha uainishaji wao wa malengo ya elimu mwaka 1956. Hata hivyo, uainishaji huo uliporekebishwa na Anderson na Krathwohl mwaka 2001, kuelewa kulibaki kuwa ngazi kamili, ya pili kati ya sita. Kilichoongezwa ni mgawanyo wake katika michakato saba: kufasiri, kutoa mifano, kuainisha, kufupisha, kufikia hitimisho kutokana na ushahidi, kulinganisha, na kueleza sababu. Kwa hiyo kosa la sentensi "mwanafunzi ataelewa mfumo wa ngeli" ni kwamba haisemi ni uelewa upi kati ya hiyo saba unaotakiwa, wala utadhihirika katika kazi gani. Orodha ya vitenzi haijibu swali hilo.

Mfano wa ngeli unafaa kuchunguzwa kwa kina. Katika muhtasari wa kozi ya mofolojia ya mwaka wa pili, tokeo lifuatalo ni la kawaida: "Kufikia mwisho wa kozi, mwanafunzi ataelewa mfumo wa ngeli za nomino za Kiswahili." Mhadhiri akifuata orodha ya vitenzi, atapata: "Mwanafunzi ataweza kueleza mfumo wa ngeli za nomino za Kiswahili." Swali la mtihani linalozaliwa na tokeo hilo hutabirika: "Eleza mfumo wa ngeli za Kiswahili kwa mifano." Mwanafunzi aliyekariri jedwali la ngeli na mifano ileile ya darasani, mtu-watu, kitu-vitu, mti-miti, atapata alama nzuri. Kitenzi kinapimika, lakini kinachopimwa ni kumbukumbu.

Njia yenye tija zaidi ni kuanzia upande wa pili, yaani kwenye makosa. Mhadhiri na ajiulize: mwanafunzi asiyeelewa ngeli hukosea wapi? Katika vyuo vya Uganda na Rwanda jibu moja li wazi. Katika Luganda na Kinyarwanda, nomino inayomtaja mnyama huchukua upatanisho wa ngeli ya umbo lake. Katika Kiswahili sanifu, uhai hushinda umbo: mbwa anakula, kiboko amezama, kipofu amefika. Mwanafunzi anayeandika "kiboko kimezama" anajua viambishi vya KI-VI vizuri sana. Asichokijua ni wakati gani umbo halitoi jibu. Kuna hata nomino ambazo umbo lake halisaidii kabisa. Ndege ametua mtini, lakini ndege imetua uwanjani. Kifaru amejeruhiwa, lakini kifaru cha jeshi kimeharibika. Na katika "rafiki yangu amefika", kimilikishi kinafuata upatanisho mmoja na kitenzi kinafuata mwingine, jambo linalowatatiza hata wazawa wa lugha wanapotakiwa kulitolea sababu.

Kutokana na makosa hayo, tokeo linaweza kuandikwa hivi: "Akipewa matini ambayo haikusomwa darasani, yenye maneno yapatayo 200 na nomino 20 zilizopigiwa mstari, mwanafunzi ataainisha kila nomino kwa kigezo cha upatanisho wa kisarufi bila kutumia kamusi, na pale ambapo umbo na upatanisho vinapingana, ataonyesha viambishi katika sentensi vinavyothibitisha uamuzi wake." Hapa zimo sehemu mbili kati ya tatu alizozidai Robert Mager mwaka 1962, yaani tendo na masharti. Sharti la "matini ambayo haikusomwa darasani" ndilo linalobeba uzito mkubwa, kwa kuwa ndilo linalomzuia mwanafunzi kurudisha mifano ya mhadhiri.

Sehemu ya tatu ya Mager, kigezo cha ufaulu, ndiyo hupuuzwa zaidi, na inapowekwa huwekwa vibaya. Chukulia kwamba kati ya nomino hizo 20, 14 ni za kawaida na 6 zina mgongano wa umbo na upatanisho. Kigezo cha "angalau 14 kati ya 20" kinaonekana kuwa kikali, kwa maana ni asilimia 70. Lakini mwanafunzi aliyepata zote za kawaida na kukosa zote 6 za mgongano atafaulu, ingawa ndiye hasa aliyekusudiwa kugunduliwa. Kigezo sharti kitenganishwe: tuseme 12 kati ya 14, na 4 kati ya 6. Tarakimu hizi si takatifu, na pengine mahali pake panapofaa ni katika mwongozo wa kusahihisha kuliko katika muhtasari wa kozi; la muhimu ni kwamba jumla moja isifiche udhaifu unaotafutwa.

Yapo matatizo pia katika vitenzi vyenyewe. Orodha nyingi za Kiswahili ni tafsiri, na watafsiri hawakukubaliana. "Kuchambua" kwa mwalimu wa fasihi ni kazi nzima ya uhakiki pamoja na hukumu; kwa mwanaisimu huweza kuwa kukata neno katika mofimu zake tu. "Kueleza" na "kufafanua" hutenganishwa katika orodha moja na kuchukuliwa kuwa visawe katika nyingine. Kwa sababu hiyo kitenzi peke yake hakitoshi kuwa kipimo cha upimikaji. Kipimo cha uhakika zaidi ni hiki: wasahihishaji wawili wapewe majibu yaleyale na tokeo lilelile, wasahihishe bila kushauriana, kisha alama zilinganishwe. Wakitofautiana sana, tokeo halijapimika, hata kama kitenzi chake kimeidhinishwa na kila kamati. Zoezi hili huhitaji karatasi kumi za majibu ya mwaka uliopita na alasiri moja.

Mwelekeo huu una mpaka wake. Elliot Eisner alipinga mapema, mwaka 1967, dhana kwamba kila lengo la elimu linaweza kutamkwa kabla ya tendo, na pingamizi lake linagusa kozi za ushairi kuliko za mofolojia. Mwanafunzi wa utenzi aweza kupimwa kwa kuhesabu mizani na kutambua vina. Jinsi atakavyoguswa na utenzi huo haitabiriki, na kulilazimisha jambo hilo liingie katika kitenzi cha orodha huzaa sentensi za uongo kama "mwanafunzi ataonyesha kuthamini ushairi kwa kutaja sifa tano zake". Malengo ya aina hiyo yana haki ya kubaki katika maelezo ya jumla ya kozi, yakitamkwa kuwa ni makusudio, bila kupewa alama. Mhadhiri anayeyaondoa kabisa ili kuiridhisha fomu hupoteza sababu ya kuifundisha kozi. Anayeyaacha miongoni mwa matokeo hulazimika kuyatungia swali la mtihani, na swali hilo kwa kawaida huanza na neno "Taja".