Alama ya Tatu

Mwanafunzi wa kidato cha tano aliniletea insha aliyoijibu nyumbani kwa mazoezi, na pembeni ameshajisahihisha mwenyewe: 13 kati ya 15. Swali ni lile ambalo kila anayesoma Kiswahili sekondari hukutana nalo mapema au baadaye: kwa kutumia ushahidi wa kiisimu, thibitisha kuwa Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Nilizifunika alama zake kwa kipande cha karatasi ili zisinivute, nikasahihisha kwa mwongozo uleule aliokuwa nao yeye, nikapata 9. Tulipishana alama nne. Nilipozifuatilia moja moja niliona kwamba alikuwa amekumbuka karibu kila alichofundishwa, na kwamba zote nne zilikuwa zimepotelea katika udhaifu wa namna moja.

Mwongozo wenyewe ni mfupi. Utangulizi una alama 2, hoja nne zina alama 3 kila moja, na hitimisho lina alama 1. Alama tatu za hoja zimegawanywa hivi: ya kwanza ni ya kutaja sifa ya lugha, ya pili ni ya kuweka mifano ya Kiswahili sambamba na ya angalau lugha mbili nyingine za Kibantu, na ya tatu ni ya kueleza kwa nini ulinganifu huo ni ushahidi wa undugu. Hoja zilizotarajiwa ni msamiati wa msingi, muundo wa silabi, ngeli na upatanisho wake, na muundo wa kitenzi. Chini kuna maelezo kwamba hoja nyingine iliyo sahihi ikubaliwe.

Mimi husahihisha kwa safu: nasoma aya nikiitafutia alama ya kwanza tu, kisha narudi kwa ya pili, kisha ya tatu, na kila ninapotoa alama napigia mstari maneno yaliyoistahili. Nikikosa cha kupigia mstari, alama haipo, hata kama aya imeandikwa kwa mwandiko safi na Kiswahili kitamu. Mwanafunzi anayejisahihisha huruka hatua hiyo. Akisoma aya yake hukumbuka alichokusudia kusema, akajipa alama kwa kilichomo kichwani badala ya kilichomo karatasini.

Utangulizi wake ulikuwa na fasili ya Kibantu na msimamo wake, akapata 2. Hoja ya ngeli ilikuwa nzuri, na nitairudia. Hitimisho lilipata alama yake moja. Ugomvi ulikuwa kwenye hoja tatu zilizobaki.

Tuanze na msamiati. Aliandika kwamba maneno mengi ya Kiswahili yanafanana na ya lugha nyingine za Kibantu, akatoa mifano miwili. Wa kwanza ulikuwa *mtu*, ambaye kwa Kiganda ni *omuntu* na kwa Kinyarwanda ni *umuntu*. Wa pili ulikuwa *kitabu*, ambacho kwa Kiganda ni *ekitabo* na kwa Kinyarwanda ni *igitabo*. Akafunga aya kwa sentensi hii: "Kufanana huku kunaonyesha kuwa Kiswahili ni Kibantu." Alijipa 3.

Kutaja kupo, mifano ipo, na *mtu* peke yake anatosha kwa alama ya pili. Lakini tazama *kitabu*. Neno hili lina asili ya Kiarabu. Limefanana katika lugha hizi tatu kwa sababu limeazimwa na kusambaa, na neno la kuazima halisemi lolote kuhusu ukoo wa lugha iliyoliazima. Mfano huo ungekuwa ushahidi, basi ungekuwa ushahidi wa ukaribu na Kiarabu. Ameweka bega kwa bega neno la urithi na neno la mkopo, akayapa uzito mmoja, na sentensi yake ya kufunga haina uwezo wa kuyatenganisha. Ndiyo maana nilitoa 2. Sentensi ile inasema tu kwamba vitu vinavyofanana ni ndugu, na hilo ndilo jambo alilotakiwa kulithibitisha.

Hoja ya silabi ilikuwa hivi: "Silabi zote za Kiswahili huishia na irabu, kwa mfano ba-ba, ma-ma, ka-la-mu. Hii ni sifa ya Kibantu." Alijipa 2, mimi nikampa 1. Lugha ya kulinganisha haipo hata moja, kwa hiyo alama ya pili haina pa kushika. Neno "zote" nalo linaanguka mara moja. Neno *mtu*, alilolitumia aya moja juu yake, huanza na silabi *m-* isiyo na irabu. *Labda* hukatika *lab-da*, na *daftari* hukatika *daf-ta-ri*. Mwanafunzi akisema "nyingi" yuko salama. Akisema "zote" anampa msomaji ruhusa ya kuibomoa hoja nzima kwa neno moja.

Hoja ya nne ndiyo iliyotutenganisha zaidi. Mahali pa muundo wa kitenzi aliandika kwamba Kiswahili kina irabu tano kama lugha za Kibantu, akajipa 2. Mwongozo unaruhusu hoja nyingine iliyo sahihi, kwa hiyo sikuweza kuikata kwa sababu tu haikuorodheshwa. Nililazimika kuipima. Kikuyu kina irabu saba na Kisukuma kina irabu saba, na zote mbili ni Kibantu bila shaka yoyote. Kihispania kina irabu tano, na hakina uhusiano na Kibantu. Sifa ambayo baadhi ya ndugu hawana na mgeni anayo haiwezi kumtambulisha ndugu. Nikatoa 0.

Hapo ndipo alama nne zilipo: moja kwenye msamiati, moja kwenye silabi, mbili kwenye irabu. Katika zote tatu mwanafunzi ameona kufanana akatangaza undugu bila kuuliza kama kufanana huko kungeweza kutokea kwa njia nyingine. Lugha mbili zinaweza kufanana kwa kuazimana, kama *kitabu*. Zinaweza kufanana kwa sadfa, kama irabu tano. Na zinaweza kufanana kwa kurithi kutoka asili moja. Alama ya tatu hulipwa kwa kuonyesha kwamba njia mbili za kwanza hazitoshi kueleza ulichokiona.

Sasa maoni ya kumrudishia. Pambizo za madaftari yetu zimejaa "fafanua zaidi". Maneno hayo nimeyaandika miaka mingi, na matokeo yake nimeyaona: mwanafunzi huongeza mifano. Huyu angeambiwa "fafanua zaidi" angetafuta maneno mengine matano yanayofanana, labda na *kalamu* ndani yake, na hoja ingebaki dhaifu ileile, ndefu zaidi. Kwa hiyo kwa kila hoja niliandika swali moja linalogusa neno lake mwenyewe.

Kwenye msamiati niliandika: "Kati ya *mtu* na *kitabu*, lipi lingeweza kuletwa na wafanyabiashara? Ulijuaje?" Kwenye silabi: "Kata silabi za *mtu* na *labda*. Je, 'zote' inasimama? Na Kiganda je?" Kwenye irabu: "Hesabu irabu za Kikuyu. Kisha niambie kama utabaki na hoja hii." Sikumwandikia majibu. Mwanafunzi akipewa jibu hulihamishia kwenye insha ya pili kama lilivyo, na mimi nabaki sijui kama fikra imebadilika.

Maoni ya nne yalikuwa kwenye hoja aliyoipatia. Kwenye ngeli alikuwa ameandika *mtu mzuri, watu wazuri*. Kiganda *omuntu omulungi, abantu abalungi*. Kinyarwanda *umuntu mwiza, abantu beza*. Kisha akaongeza kwamba kiambishi cha nomino kinavuta kivumishi kifuatane nacho, kwamba huu ni mfumo mzima, na kwamba mfumo hauazimwi kirahisi kama neno moja. Hiyo ndiyo alama ya tatu, imekaa wazi, na niliipigia mstari mara mbili. Chini yake niliandika: "Hapa umeondoa uwezekano wa kuazima. Fanya hivyohivyo kwenye msamiati." Mwanafunzi aliyeshaifanya hatua mahali pamoja huielewa upesi zaidi akionyeshwa kazi ya mkono wake kuliko akisomewa kanuni.

Aliporudi baada ya siku tatu alikuwa ameifuta hoja ya irabu na kuweka muundo wa kitenzi. Alitumia kitenzi *lima*, akakiweka kando ya *okulima* ya Kiganda na *kurima* ya Kinyarwanda. Kisha akaonyesha kauli ya kutendea: *limia* kwa Kiswahili, *limira* kwa Kiganda, *rimira* kwa Kinyarwanda. Akaeleza kwamba mzizi unafanana, kiambishi cha kunyambulia kinafanana, na vyote viwili vinakaa kwa mpangilio mmoja, isipokuwa Kiswahili kimedondosha konsonanti ambayo wenzake wamebaki nayo. Alama 3, na hiyo konsonanti iliyodondoka inamsaidia, kwa maana tofauti yenye utaratibu ni dalili kubwa zaidi ya urithi kuliko ufanano mtupu.

Kwenye silabi alibadilisha "zote" kuwa "nyingi", akaongeza mifano ya Kiganda na Kinyarwanda, akapata 2. Alama ya tatu sikuitoa, naye nilimweleza sababu: hakuondoa uwezekano wa sadfa, na silabi wazi zimejaa hata katika Kijapani, kwa hiyo hoja hii peke yake husindikiza tu. Mwongozo unailipa kama hoja kamili, na mwongozo siwezi kuubadilisha nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Hata hivyo mwanafunzi ana haki ya kujua ipi kati ya hoja zake inabeba mzigo na ipi inasaidia kusukuma.

Kwenye msamiati alichagua *mtu*, *maji* na *jicho*, akaviweka na *omuntu, amazzi, eriiso* na *umuntu, amazi, ijisho*. Akaandika kwamba kila jamii ina maneno ya vitu hivi kabla ya kukutana na wageni, kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba lugha zote hizi ziliazimana. Alama 3. Jumla ilifika 14.

Nikamuuliza *kitabu* amekitupa wapi. Akafungua ukurasa wa pili. Alikuwa amekihamishia kwenye hoja ya ngeli: Kiarabu husema *kutub* kwa wingi, lakini Kiswahili husema *vitabu*, Kiganda *ebitabo*, Kinyarwanda *ibitabo*. Lugha hizi zimeisikia *ki-* iliyokuwa sehemu ya neno la Kiarabu, zikaifanya kiambishi cha ngeli na kuigeuza katika wingi. Neno lililomkosesha alama mara ya kwanza limekuwa mfano wake bora mara ya pili, na swali lililolihamisha lilikuwa na maneno yasiyozidi kumi na mawili.