Kamu, Doweli na Kabati Lililohamishwa

Samani za kuunganisha, yaani zile zinazouzwa zikiwa mbao bapa ndani ya boksi na kufungwa nyumbani na mnunuzi mwenyewe, hupata uimara wake kutoka kwa vitu viwili vidogo vinavyofichwa ndani ya mbao. Cha kwanza ni doweli, kijiti cha mbao ngumu chenye mifereji ubavuni, ambacho kwa kawaida kina kipenyo cha milimita 8 na huzama sehemu katika ubao mmoja na sehemu katika ubao wa pili. Cha pili ni kifungo cha kamu, ambacho kina sehemu mbili: skrubu yenye shingo nyembamba na kichwa cha mviringo, inayokazwa kwenye uso wa ubao wa wima, na kisahani kinene cha aloi ya zinki, mara nyingi chenye kipenyo cha milimita 15, kinachokaa ndani ya shimo la duara katika ubao wa mlalo na kukipokea kichwa hicho kinapoingia.

Uzuri wa kamu umo katika mfereji wake wa ndani, ambao ukuta wake hauko umbali ule ule kutoka kitovuni, bali husogea kidogo kidogo kadiri kisahani kinavyozungushwa, kwa hiyo kichwa cha skrubu hulazimika kuusogelea moyo wa kisahani na mbao mbili huvutwa zikabana. Kanuni ni ile ile ya kamshafti ndani ya injini ya gari, ambamo mzunguko hugeuzwa kuwa mwendo wa kunyooka. Nusu ya mzunguko wa bisibisi huvuta milimita chache tu, na kwa kuwa mteremko wa mfereji ni mdogo, msuguano hukizuia kisahani kisirudi nyuma chenyewe. Huo ni ufundi wa kustahiwa: kiungo kisicho na gundi wala msumari, ambacho mtu asiye seremala aweza kukifunga kwa dakika moja na kukifungua tena.

Hata hivyo kamu haifanyi kazi peke yake, na hapa ndipo wengi hukosea. Kamu huvuta, doweli huzuia mbao zisiteleze juu, chini wala kando. Ubao wa rafu uliojaa vitabu haubebwi na skrubu ya kamu ambayo shingo yake ni nyembamba, bali kwa sehemu kubwa hubebwa na doweli, ilhali kazi ya kamu ni kuhakikisha kwamba doweli hazitoki mahali pake. Kisha kuna mshirika wa tatu asiyehesabiwa kabisa, nao ni ubao mwembamba wa mgongoni, mara nyingi hadibodi ya milimita 3, ambao huifanya fremu isilale upande. Pembe nne zilizofungwa kwa kamu, hata zikikazwa vizuri namna gani, zaweza kupinda kutoka mstatili kuwa msambamba. Mgongo uliopigiliwa sawasawa ndio unaozishika.

Udhaifu wa mfumo huu unatokana na ubao wenyewe. Seremala wa jadi anayechonga ulimi na tundu katika mninga au mvule hutegemea nyuzi ndefu za mti, lakini samani hizi hutengenezwa kwa chipubodi, yaani vipande vidogo vya mbao vilivyoshindiliwa pamoja kwa gundi, na vipande vya katikati ya ubao ni vikubwa na vimelegea kuliko vya juu. Katika ubao wa milimita 16, shimo la kamu lenye kina cha milimita 12.5 huacha sakafu ya milimita 3.5 tu. Kabati linapoburutwa bila kufunguliwa, au linapoinuliwa kwa kushika ubao wa juu na kupakiwa likiwa limeegemea kona moja, kila skrubu hugeuka wenzo unaosaga ukuta wa tundu lake, na chipubodi iliyosagika hairudi kushikamana. Ndiyo maana kuikaza zaidi kamu iliyolegea baada ya kuhama ni tiba mbaya: kisahani huweza kupasua kingo za shimo lake, au skrubu hung'oka kabisa.

Kabla ya kukaza chochote, basi, inafaa kujua kilicholegea. Kabati lisukumwe taratibu kwenye sehemu yake ya juu, upande wa kushoto kisha kulia, huku jicho likiwa kwenye kiungo. Ufa ukifunguka na kufunga kati ya rafu na ubao wa wima, kasoro iko kwenye kamu au skrubu yake. Rafu ikipanda na kushuka bila ufa kufunguka, matundu ya doweli yamepanuka. Viungo vikibaki vimebana lakini kabati zima linainama, mgongo umeachia. Nayo kamu inayozunguka bila ukinzani wowote huashiria ama kwamba kichwa hakikuingia mferejini, ama kwamba skrubu imekwisha kung'oka. Skrubu ikichomolewa na nyuzi zake zikakutwa zimejaa unga wa mbao, jibu limepatikana.

Chukua mfano wa kabati la vitabu lenye urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 80, ambalo baada ya kuhamishwa linayumba, na ufa unaonekana kwenye kona ya juu kulia. Kabati hulazwa kifudifudi juu ya blanketi, misumari ya mgongo huondolewa, kisha kamu ya kona ile hurudishwa kinyume cha saa mpaka mshale wake uelekee ukingo wa ubao, na kiungo hufunguliwa. Skrubu inatoka kwa vidole. Tundu lake hupanuliwa kwa drili hadi milimita 10, kwa kina kisichozidi milimita 12, huku utepe uliozungushwa kwenye biti ukionyesha mahali pa kukoma ili biti isitokeze upande wa pili. Kipande cha doweli ya milimita 10 hupakwa gundi ya mbao na kugongwa ndani, na baada ya siku nzima husawazishwa kwa patasi, kisha katikati yake hutobolewa tundu jipya la milimita 5. Gundi hii hufaa kwa sababu ndani ya tundu kuna mbao tupu. Juu ya uso uliofunikwa kwa melamini, yaani ngozi laini ya plastiki, haishiki.

Doweli za kiungo hicho, ambazo matundu yake yamelegea kidogo, hutiwa gundi upande mmoja tu, ili kabati liweze kufunguliwa tena siku nyingine. Skrubu hurudishwa kwa bisibisi ya mkono mpaka bega lake liguse ubao. Mbao husukumwa kwa mikono mpaka zikutane, kwa kuwa kamu haikuundwa kufunga pengo kubwa, ndipo kisahani kizungushwe hadi kitoe ukinzani imara na kuachwa hapo.

Kazi iliyobaki ni ya futikamba. Mstari wa kona hadi kona unasoma sentimita 198 upande mmoja na 196 upande wa pili, maana yake juu pamesogea karibu sentimita 2.5. Kona mbili za mstari mrefu husukumwa zikaribiane mpaka vipimo vyote viwili visome 197, na mtu mmoja huishikilia fremu wakati mwenzake anapigilia mgongo, msumari kila sentimita 10, kando ya matundu ya zamani ambayo hayashiki tena. Kabati likisimamishwa na bado likitikisika kidogo huku viungo vikiwa kimya, tatizo ni sakafu, na kabari nyembamba chini ya kona inayoning'inia inatosha.